Barua ya kumwomba mfanyabiashara mzoefu awe mlezi wa duka

Kijana mwenye duka anapomwandikia mfanyabiashara mzoefu kumwomba awe mlezi wake wa biashara, barua yake inapaswa kumpa msomaji sababu ya kukubali, na akikubali, mahali pa kuanzia. Nyingi hushindwa kwa sababu zimejaa sifa za mzee na ndoto za kijana, huku duka lenyewe halionekani. Mtu aliyekaa sokoni miaka 20 hana la kujibu anaposoma "naomba unishauri kuhusu biashara." Hajui kijana anauza nini wala amekwama wapi, na moyoni anashuku kwamba mwisho wa maneno hayo ataombwa fedha.

Makosa huanza hata kabla ya kalamu kushikwa, katika kuchagua wa kumwandikia. Mwenye duka la bidhaa zilezile mtaa uleule ni mshindani, na kumtaka afundishe ni kumtia katika mtihani asioutaka. Muuzaji wa jumla anayempa kijana mzigo huonekana chaguo rahisi, maana wanajuana. Lakini yeye hupata zaidi kadiri kijana anavyonunua zaidi, na siku ushauri unaofaa utakapokuwa "punguza mzigo," itamwia vigumu kuutoa. Anayefaa ni aliyeuza bidhaa za namna hiyo kwa miaka mingi, ikiwezekana aliyeanza na duka dogo, na ambaye wateja wake hawakutani na wa kijana.

Chukulia mfano wa dada mwenye duka la vyakula na bidhaa za nyumbani huko Kihonda, Morogoro, anayemwandikia mama mmoja mwenye maduka mawili Msamvu. Barua yake ina anwani, tarehe na kichwa cha "YAH: OMBI LA KULELEWA KIBIASHARA," kama barua yoyote rasmi. Baada ya hapo haiwezi kuendelea kwa ukavu wa barua ya ofisini, kwa kuwa anayeandikiwa ni mkubwa na anayeombwa ni hisani. Inaanza na "Shikamoo Mama," kisha inasema mara moja mwandishi ni nani na amemfahamuje: labda alinunua dukani kwake zamani, au jirani fulani amemwelekeza. Sentensi mbili zinatosha. Sifa ndefu humfanya mpokeaji asubiri kuona ni nini kinachotakiwa kwake.

Kiini cha barua ni hali ya duka, na hali ya duka husemwa kwa hesabu. Dada huyo anaweza kuandika hivi:

"Nilianza Januari na mtaji wa shilingi 3,000,000, wote ukiwa mzigo. Nauza wastani wa shilingi 150,000 kwa siku, yaani 4,500,000 kwa mwezi. Kila bidhaa naiongezea asilimia 12 juu ya bei niliyonunulia, hivyo nahesabu faida ya 540,000 kwa mwezi. Pango, umeme, usafiri wa mzigo na posho yangu ya nyumbani ni 450,000. Nilitarajia kubakiza 90,000 kila mwezi. Mwisho wa Juni nilihesabu duka zima: mzigo 2,600,000, madeni ya wateja 380,000, fedha mkononi na kwenye simu 60,000. Jumla ni 3,040,000, wakati hesabu yangu inataka 3,540,000. Laki tano sizioni, na sijui nianze kuzitafuta wapi."

Aya hiyo moja inamweleza mama wa Msamvu mambo ambayo mazungumzo ya saa nzima yasingemweleza. Kwanza anaona kwamba kijana ana daftari na ameshahesabu duka, kwa hiyo ushauri hautaanguka chini. Pili, mzoefu huliona kosa kabla hajamaliza kusoma. Bidhaa iliyonunuliwa kwa 10,000 na kuongezewa asilimia 12 inauzwa 11,200. Faida ya 1,200 imo ndani ya 11,200, na hiyo ni karibu asilimia 10.7 ya mauzo, si 12. Kwa mauzo ya 4,500,000, faida halisi ni kama 482,000. Kijana amejihesabia takriban 58,000 zaidi kila mwezi, na kwa miezi sita ni karibu 347,000. Sehemu kubwa ya laki tano haikuibiwa wala kupotea, haikuwahi kuwapo.

Zinabaki kama 153,000, na hapo mlezi ana maswali ya kumuuliza. Je, sukari, mafuta na sabuni zinazotumika nyumbani huandikwa, au huchukuliwa rafuni kimyakimya? Je, sukari na unga vinabeba asilimia 12 kweli, au mtaa mzima unauza kwa faida nyembamba na kijana amelazimika kushusha bei bila kubadili hesabu? Madeni nayo yana uzito wake. Hizo 380,000 zimehesabiwa kana kwamba zitalipwa zote, jambo ambalo wenye maduka wengi hawatalithubutu. Mengine kama haya hujulikana kwa kukaa na daftari, na ndiyo sababu ulezi unahitajika badala ya ushauri wa siku moja.

Baada ya hesabu ndipo ombi linapokuja, nalo linapaswa kuwa dogo na lenye mwisho. "Naomba nije kwako saa moja kila mwisho wa mwezi, kwa miezi sita, nikiwa na daftari langu, siku na saa utakayoona haikusumbui." Mpokeaji anajua anachokubali, na anajua muda utaisha bila yeye kulazimika kumfukuza mtu. Ombi la "uwe mlezi wangu" bila mpaka huogopesha hata watu wakarimu.

Sentensi inayofuata ni muhimu kuliko inavyoonekana: "Siombi mkopo, mali kauli, wala udhamini." Wafanyabiashara wengi wamewahi kuachiwa deni na mtu aliyekuja kwa jina la kujifunza, hivyo ahadi hiyo hufungua mlango. Lakini ni lazima itimizwe. Kijana anayeomba katoni mbili za mali kauli katika mkutano wa tatu anageuza ulezi kuwa deni, na kuanzia hapo mzee huchuja maneno yake kama mdai. Mzee akijitolea mwenyewe, hilo ni jambo jingine, na liandikwe kando.

Barua yote isizidi ukurasa mmoja na nusu. Njia nzuri ni kuipeleka kwa mkono asubuhi au saa za alasiri ambapo wateja ni wachache, kumwachia mwenyewe, kuacha namba ya simu na kuondoka bila kudai jibu palepale. Wiki mbili zikipita kimya, simu moja ya adabu inatosha. Baada ya hapo kimya ni jibu, na kuendelea kupiga ni usumbufu. Akikataa, anaweza kuombwa ataje mtu mwingine anayefaa, kwa kuwa wafanyabiashara wanajuana, na jina lililotoka kinywani mwake hurahisisha barua ya pili.

Mfanyabiashara anayepokea barua ya namna hii naye ana wajibu mmoja mwepesi: ajibu ndani ya wiki, hata kama jibu ni hapana. Kila mwezi anaosubiri, kijana wa Kihonda anaendelea kupanga matumizi yake kwa faida ya shilingi 58,000 ambayo hana.