Utando wa Kahawia Ndani ya Chupa ya Chai

Mimina chai ya rangi kwenye glasi mbili. Moja ikamulie limau, nyingine itie bekingi soda kiasi cha ncha ya kijiko, kisha koroga. Ya limau itapauka papo hapo na kuelekea manjano. Ya soda itakolea, iwe nyekundu ya kiza, karibu na weusi. Hujaongeza rangi wala hujapunguza. Zilizobadilika ni polifenoli, zile molekuli zinazoipa chai rangi yake na ule ukakasi unaokamata ulimi. Kwenye asidi hubaki na hidrojeni zao. Kwenye alkali huachia baadhi, na zikishaachia hubaki na chaji hasi ya umeme, rangi yao hukolea, nazo huyeyuka kwenye maji kwa urahisi zaidi kuliko awali.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu, kwa sababu utando wa kahawia ndani ya kikombe ni polifenoli hizohizo zikiwa zimegoma kuyeyuka. Chai ikikaa, oksijeni ya hewani huziunganisha molekuli ndogo kuwa kubwa, na kubwa hazitaki tena kurudi majini. Maji nayo yana mchango wao. Mwaka 1993 wanakemia wawili wa Chuo cha Imperial jijini London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, ambaye baadaye alikuja kuongoza Chuo Kikuu cha Mount Kenya, walieleza katika jarida la Nature kile kigozi kinachoelea juu ya chai. Waligundua kwamba hakitokei bila vitu vitatu kukutana: kalsiamu, bikabonati na oksijeni. Viwili vya kwanza ndivyo hufanya maji yaitwe magumu. Chai iliyopikwa kwa maji yaliyokenekwa haikuota kigozi.

Kigozi hicho ndicho hushika ukingoni mwa kikombe kila chai inapopungua, na ndiyo sababu vikombe vya nyumba inayotumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama vilivyo vingi Unguja na pwani ya Kenya, hushika rangi upesi kuliko vya nyumba inayokinga maji ya mvua. Chai ya maziwa huacha doa hafifu zaidi, maana protini za maziwa hunasa polifenoli kabla hazijafika ukutani. Kahawa chungu ina rangi zake zinazotokana na kukaangwa kwa buni, na juu yake ina mafuta, nayo mafuta yakichacha ndiyo huleta ile harufu nzito ukifungua chupa iliyokaa kabatini.

Bekingi soda hupambana na utando huu kwa njia mbili tofauti, na wengi wanaosema haifanyi kazi wametumia njia ya kikombe kwenye chupa au ya chupa kwenye kikombe.

Kwenye kikombe cha kauri kazi kubwa ni ya kusugua. Punje za soda ni laini kuliko ule mng'aro wa kioo uliochomewa juu ya kauri, lakini ni ngumu kuliko utando. Kwa hiyo hukwangua doa na kuuacha mng'aro salama. Sharti ni kwamba punje ziwepo, zisiyeyuke. Maji ya kawaida huweza kuyeyusha karibu gramu 10 za soda katika kila mililita 100, kwa hiyo ukijaza kikombe maji na kutia kijiko kimoja, punje zote zimekwisha na umebaki na maji ya chumvichumvi. Osha kikombe kwanza kwa sabuni ili mafuta yatoke, kimwage maji kibaki na unyevu tu, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha soda, kisha sugua kwa kitambaa kibichi au kidole. Uji unaotakiwa ni mzito, soda mara tatu ya maji. Ukianza kugeuka rangi ya hudhurungi na kidole kikaacha kukwaruza, punje zimeisha. Ongeza soda, usiongeze nguvu. Mistari ya dhahabu ukingoni iepuke, kwa kuwa mara nyingi imepakwa juu ya mng'aro na hubanduka.

Chupa ya chai haiingii mkono, kwa hiyo hapo tunategemea kemia na joto. Chukua chupa ya lita 1 yenye ndani ya chuma cha pua. Isuuze, mimina maji ya moto mpaka nusu, tia vijiko viwili vikubwa vya soda, kisha jaza taratibu, maana povu litapanda kidogo. Povu hilo ni kaboni dioksidi. Katika maji ya moto sana sehemu ya soda huiachia gesi hiyo na kugeuka kabonati, ambayo ni alkali kali zaidi. Kabonati ndiyo iliyomo pia kwenye magadi yanayotoka Ziwa Magadi, na ndiyo sababu magadi huyalainisha maharage kwa kasi. Magadi yenyewe yangeng'oa doa pia, ila huja na mchanga na chumvi nyingine ambazo sioni haja ya kuziingiza kwenye chombo cha kunywea.

Acha kifuniko wazi. Gesi ikifungiwa pamoja na maji ya moto hutafuta pa kutokea. Baada ya saa moja au mbili maji yatakuwa yamegeuka chai nyeusi bila jani hata moja, na hiyo ndiyo alama kwamba kazi inafanyika. Yakibaki meupe huku ukuta ungali wa kahawia, huenda maji hayakuwa na joto la kutosha. Maliza kwa brashi ya chupa na suuza mara kadhaa.

Kama ndani ni kioo, tangulia kuipasha kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa kioo baridi kikikutana na maji yanayochemka huweza kupasuka. Wako wanaotia mchanga au changarawe na kutikisa. Kwenye kioo cha chupa ni hatari: ni chembamba, kimebeba ombwe upande wa pili, na mkwaruzo mdogo huwa mwanzo wa ufa.

Sasa siki. Mapishi mengi ya usafi huichanganya na soda, na lile povu humfanya mtu aamini kuna jambo kubwa linatendeka. Kwa kweli asidi na alkali zinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo asetati ya sodiamu, ambayo haisugui wala haiyeyushi polifenoli kwa kiasi cha maana. Siki ina kazi yake peke yake. Ukipitisha kidole chini ya chupa ukakuta gamba jeupe linalokwaruza, hiyo ni chokaa ya maji magumu, na soda haitaitoa ng'o. Hiyo ipewe siki au limau, isuuzwe, kisha ndipo soda ifuate siku yake. Bekingi pauda nayo haifai, maana tayari ina asidi na wanga ndani yake.

Kuna doa ambalo soda hailifikii. Tazama kikombe cha zamani kwenye mwanga: ukiona mtandao wa mistari myembamba ya kahawia kama nywele, mng'aro umepasuka na chai imeingia kwenye udongo wa chini. Punje haziingii humo, wala alkali hafifu haivuti rangi kutoka humo. Hapo hutumika haidrojeni peroksaidi, kwa kukiloweka kikombe muda mrefu. Dawa ya klorini ya kufulia usiitie kwenye chupa ya chuma, kwa kuwa huchimba vijishimo kwenye chuma cha pua, na vijishimo hivyo vitashika chai vizuri kuliko ukuta laini ulivyokuwa ukifanya.