Hisa Kumi za Benki Ni Hisa Ngapi?

Jumatano ya tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyokataza benki za Kenya kutoza riba inayopita kiwango rejea cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Kesho yake asubuhi Soko la Hisa la Nairobi lilipofunguliwa, hisa za benki zilianguka kama embe lililotikiswa mti. KCB, Equity, Co-operative: zote chini kwa pamoja, nyingine zikikaribia asilimia 10, ambayo ndiyo kikomo cha bei kushuka kwa siku moja katika soko hilo.

Sasa mfikirie mtu ambaye wiki ile alikuwa na hisa za benki kumi, pesa zake amezigawa sawasawa, kila benki fungu moja la kumi. Alikuwa amesikia, kama wengi walivyosikia, kwamba mayai yote hayawekwi kikapu kimoja, naye akanunua vikapu kumi. Asichokiona ni kwamba vikapu vyote kumi vilikuwa vimepangwa juu ya baiskeli moja.

Ushauri wa kutawanya pesa ni wa kale, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema unasaidia kwa kiasi gani na unakomea wapi. Aliyeanza kuuwekea hesabu ni Harry Markowitz, kijana wa Chicago, katika makala aliyoichapisha mwaka 1952; mwaka 1990 kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa mtu anayegawa pesa zake sawasawa, hesabu yenyewe ni fupi, na inaweza kufanywa kwenye daftari la mtoto wa shule ya msingi, lile lenye vijumba vya mraba.

Tuanze na hisa mbili tu. Tuseme kwa miezi minne hisa ya kwanza ililipa asilimia 6, kisha ikapoteza 2, ikalipa 8, ikapoteza 4. Wastani wake ni asilimia 2 kwa mwezi. Ya pili haikulipa kitu mwezi wa kwanza, ikapoteza 4, ikalipa 8, ikalipa 4. Nayo wastani wake ni 2. Mwekezaji anayetazama wastani peke yake ataziona hisa hizi kuwa mapacha.

Lakini kila mwezi hisa iliuacha wastani wake kwa kiasi fulani. Ya kwanza ilipanda juu yake kwa 4, ikashuka chini yake kwa 4, ikapanda kwa 6, ikashuka kwa 6. Zidisha kila namba kwa yenyewe ili alama ya kutoa iondoke: 16, 16, 36, 36. Wastani wa namba hizo ni 26, na hiyo ndiyo variansi, kipimo cha mtikisiko wa hisa. Ukifanya vivyo hivyo kwa hisa ya pili utapata 20.

Kovariansi inakokotolewa kwa njia ileile, ila badala ya kuzidisha mchepuko wa hisa kwa wenyewe, unauzidisha kwa mchepuko wa mwenzake wa mwezi uleule. Mwezi wa kwanza moja ilikuwa juu kwa 4 na nyingine chini kwa 2, kwa hiyo zinapingana na jibu ni hasi 8. Mwezi wa pili zote zilikuwa chini, 4 na 6, jibu ni 24. Mwezi wa tatu zote juu, 36. Mwezi wa nne zikapingana tena, hasi 12. Jumla ni 40, wastani ni 10. Namba hiyo inasema kwamba, kwa ujumla, hisa hizi huelekea upande mmoja, ingawa si kila mara.

Aliyeweka nusu ya pesa kwenye kila hisa alipata 3, akapoteza 3, akapata 8, akapata 0. Wastani wake bado ni 2, lakini variansi ya fungu lake ni 16.5, chini ya 26 na chini ya 20 pia. Hakupunguziwa faida hata senti, ila mtikisiko umepungua. Umekwenda wapi?

Hapo ndipo daftari la vijumba linapohitajika. Chora mraba wenye safu mbili na nguzo mbili, kila hisa ikiwa na safu yake na nguzo yake. Vinapatikana vijumba vinne. Viwili vilivyo kwenye mstari wa mshazari, pale hisa inapokutana na nafsi yake, vinabeba variansi: 26 na 20. Viwili vilivyobaki, pale hisa moja inapokutana na nyingine, vinabeba kovariansi: 10 na 10. Jumla ni 66. Kwa kuwa kila hisa ina nusu ya pesa, kila kijumba kinapata uzito wa nusu ya nusu, yaani robo. Robo ya 66 ni 16.5.

Ongeza hisa na utazame umbo la mraba linavyobadilika. Hisa 3 zina vijumba 9: 3 vya variansi, 6 vya kovariansi. Hisa 10 zina vijumba 100: 10 na 90. Hisa 20 zina 400, na kati ya hivyo variansi ina 20 tu, sawa na asilimia 5. Vingine vyote 380 ni vya jozi. Mshazari unakuwa kama uzi mwembamba uliopita katikati ya shuka pana. Wanahesabu huyaandika hayo yote kwa mstari mmoja, V ikiwa wastani wa variansi, C wastani wa kovariansi na n idadi ya hisa:

```
variansi ya fungu = V/n + (1 - 1/n) × C
```

Sehemu ya kwanza inayeyuka n inapokua. Ya pili haiyeyuki, bali inakaribia C yenyewe na kutulia hapo. Kwa maneno mengine, visa vya kampuni moja moja, kama mkurugenzi kujiuzulu au kiwanda kuungua, vinamezwa na wingi. Yale yanayozigusa kampuni nyingi kwa mpigo yanabaki, hata ukiwa na hisa elfu.

Kuna takwimu maarufu zinazoonyesha jambo hili likitokea. Edwin Elton na Martin Gruber, maprofesa wa Chuo Kikuu cha New York, walichukua hisa za Soko la Hisa la New York wakapata wastani wa variansi wa 46.6 na wastani wa kovariansi wa 7.06. Ukiwa na hisa moja iliyookotwa bila kuchagua, unatarajia variansi ya 46.6. Ukiwa na mbili, 26.8. Kumi, 11.0. Ishirini, 9.0. Mia moja, 7.5. Hisa ya pili peke yake imeondoa karibu 20, ilhali hisa themanini zinazofuata ile ya ishirini zimeondoa 1.6 tu zikiwa pamoja.

Ndiyo maana wataalamu wamebishana kwa miaka kuhusu idadi inayotosha. Mwaka 1968 John Evans na Stephen Archer waliona kwamba baada ya hisa kumi hivi faida ya kuongeza inakuwa ndogo mno. Mwaka 1987 Meir Statman akajibu kwamba zinahitajika angalau 30. Mkunjo wanaoutazama ni uleule. Wanatofautiana kuhusu kipande cha mwisho kina thamani gani kikilinganishwa na gharama ya kukipata, kwa sababu dalali hulipwa kwa kila ununuzi. Isitoshe, mgawo sawa haukai sawa wenyewe. Hisa iliyopanda inakuwa na uzito mkubwa, na kuurudisha mizani kunataka kuuza na kununua tena.

Mabishano hayo yote, hata hivyo, yanahusu n. Yule mwenye benki kumi tatizo lake lilikuwa C.

Tumpigie hesabu kwa namba za mfano, zisizotoka katika soko lolote. Tuseme kila hisa, iwe ya benki au ya biashara nyingine, ina variansi ya 50. Benki kwa benki wastani wa kovariansi ni 30, kwa sababu zote hutegemea riba ileile, Benki Kuu ileile na wakopaji walewale. Hisa za biashara mchanganyiko, za bia, saruji, chai, simu na umeme, zina wastani wa 10. Benki kumi: 50 gawa kwa 10 ni 5, ongeza tisa ya kumi ya 30, ambayo ni 27, jumla 32. Hisa kumi za mchanganyiko: 5 na 9, jumla 14. Na hisa nne tu za mchanganyiko zinatoa 12.5 na 7.5, jumla 20. Mtu wa benki akiongeza benki mpaka zimwishie Kenya nzima, kisha abuni nyingine mia, hatashuka chini ya 30. Mwenye hisa nne ameshampita. Ukilinganisha hivyo, zile benki kumi zake hazifikii hata hisa mbili nzima za mchanganyiko, kwa kuwa mbili zinatoa 30.

Mstari ule mmoja una mipaka yake. V na C ni wastani, hivyo unaeleza fungu la kawaida lililookotwa bila kuchagua. Fungu lako mwenyewe linaweza kuwa afadhali au baya zaidi, na ukiongeza hisa moja yenye mtikisiko wa kupindukia, V inapanda na variansi ya fungu inaweza kupanda nayo. Kubwa kuliko hayo, C inapimwa kwa miezi iliyopita. Tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, biashara katika soko la Nairobi ilisimamishwa baada ya kipimo cha hisa 20 kuporomoka kwa zaidi ya asilimia 5. Siku kama hiyo bia, saruji na benki huteremka ngazi moja. Namba ya 10 iliyopimwa katika miezi tulivu haikuahidi chochote kuhusu siku ile, na mwekezaji anayetaka kujua sakafu yake halisi hufanya vyema kuikokotoa pia kwa miezi mibaya peke yake.

Wengine hutafuta C ndogo kwa kuvuka mpaka, nao wana sababu, kwa kuwa sheria ya riba iliyotiwa saini Nairobi haikuzifunga benki za Dar es Salaam. Ila majina kwenye ubao yasomwe kwa makini. Hisa za KCB zimeorodheshwa pia Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Aliye nazo tayari Nairobi, akizinunua tena Dar akidhani ameongeza safu na nguzo kwenye daftari lake, vijumba vyake vipya vinavyokutanisha KCB na KCB vitakuwa na namba ileile iliyo kwenye mshazari: kovariansi ya hisa na nafsi yake ni variansi yake.