Kukadiria Kolifomu Majini kwa Neli Kumi na Tano

Kolifomu ni kundi la bakteria ambao wengi wao huishi katika matumbo ya watu na wanyama, ingawa wengine hupatikana kwenye udongo. Wakigunduliwa katika maji ya kisima, ni dalili kwamba huenda kinyesi kimepenya. Njia ya neli haimhesabu bakteria hata mmoja. Huhesabu neli walimoota, kisha hukadiria idadi yao kwa jedwali.

Tuseme maji ya kisima fulani yamefika maabara. Neli tano hutiwa mililita 10 za maji kila moja, tano nyingine mililita 1, na tano za mwisho mililita 0.1. Kila neli ina lishe ya majimaji yenye sukari ya laktosi, na ndani yake kineli kidogo kilichopinduliwa. Lishe ya neli za mililita 10 hukolezwa maradufu, la sivyo maji mengi hivyo yangeizimua. Mpimaji hukagua kwanza kwamba hakuna povu lililonaswa ndani ya kineli, kwani baadaye lingemdanganya.

Neli hukaa katika joto la nyuzi 35 kwa saa 24, na zisizoonyesha kitu huongezewa muda hadi saa 48. Kolifomu huchachusha laktosi na kutoa gesi, nayo hujikusanya juu ya kineli. Kwa kuwa wapo bakteria wengine watoao gesi, tone kutoka kila neli yenye gesi huhamishiwa kwenye lishe ya nyongo inayowazuia wengi wa hao. Gesi ikitokea tena, neli huthibitishwa.

Kisima chetu kimetoa 5-2-0: neli zote tano za mililita 10, mbili za mililita 1, na hakuna ya mililita 0.1. Jedwali husema 49 kwa kila mililita 100. Kwa nini? Kama kweli wapo kama 50, mililita 10 hubeba wastani wa bakteria watano, hivyo ni nadra neli kuwakosa wote. Mililita 1 hubeba wastani wa nusu bakteria: neli kama tatu kati ya tano zitawakosa. Mililita 0.1 karibu zote zitakuwa tupu. Hakuna idadi nyingine inayolifanya tokeo la 5-2-0 litarajiwe zaidi ya hiyo. M. H. McCrady alieleza hesabu za namna hii mwaka 1915.

Hata hivyo, 49 isichukuliwe kama idadi kamili. Kwa neli tano tano, idadi halisi yaweza kuwa 20 au ikapita 100, na ripoti nzuri huandika mipaka hiyo. Kwa 5-5-5 jedwali halina kikomo cha juu, kwa hiyo maji huzimuliwa zaidi na kupimwa upya. Tokeo kama 0-0-5 ni la kutiliwa shaka: haiwezekani kirahisi mililita 10 zikose bakteria ilhali matone yanao. Hapo hushukiwa lishe iliyochafuka au neli zilizobadilishana nafasi, na kipimo hurudiwa.