Avansi ya mushahara: andika barua, na fatilia vile inakatwa

Mwezi wa kenda masomo inafunguliwa, mushahara bado, na minervali inaombwa. Hapa Likasi wafanyakazi wengi wanaingia kwa patroni kuomba avansi kwa mudomo. Anatoa, kila mutu anaenda, kisha miezi mbili ugomvi unaanza: ilikuwa franga ngapi, na imekatwa mara ngapi?

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Akonti ni malipo ya siku ulizokwisha kutumika. Ukiomba tarehe 20, ile franga ni yako tayari, na inatoka yote kwenye mushahara wa mwezi ule ule. Avansi ni ya kazi ambayo bado hujafanya. Ni deni, na patroni anaweza kukatala. Ndio maana barua inapaswa kusema vile utalipa.

Tuseme mutumishi anapokea 500.000 FC mukononi, kisha CNSS na kodi kutoka. Anaomba 300.000. Barua yake inaweza kusema hivi:

"Bwana Mukubwa wa Kazi, naomba avansi ya franga za Kongo 300.000, kwa minervali ya watoto. Nakubali ikatwe 100.000 kila mwezi, mara tatu: mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili."

Anaweka tarehe, anatia saini, anatengeneza kopi mbili. Kopi yake inarudi na saini ya patroni na neno "nimekubali". Siku ya kupokea franga, anatia saini tena kwa kiasi alichopokea.

Kwa nini 100.000? Ni moja ya tano ya kile anapata. Kwa mishahara ya kawaida, Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka kikomo hicho hicho wakati tribinali inakamata mushahara kwa deni. Ni kipimo kizuri cha kumuonyesha patroni: nyumbani inabaki 400.000 ya kula.

Avansi inakatwa mwisho, nyuma ya CNSS na kodi. Kwa hiyo ile mistari miwili kwenye karatasi ya malipo haibadilike. Mustari wa avansi tu ndio unaongezeka. Hesabu mistari hiyo: ikifika tatu, imeisha. Mwezi wa kwanza 500.000 inarudi. Mustari wa ine ukionekana, onyesha kopi yako.

Angalia sana dola. Ukipokea avansi kwa dola na unalipwa kwa franga, tò ya siku ya kukata inaweza kupanda, na unalipa zaidi. Andika ndani ya barua ni franga gani, ao ni tò ya siku gani.

Ukiacha kazi mbele ya kumaliza, baki inakatwa kwenye hesabu ya mwisho. Na mukishindwa kusikilizana, peleka kopi na karatasi za malipo kwa enspekta wa kazi: yeye ndiye anapatanisha mbele ya tribinali.