Gemu la zamani kwenye kompyuta yenye kasi: kwa nini CJ hasogei majini

"Shikamoo mjomba. Gemu limeharibika. CJ yuko kwenye maji, mikono inapiga lakini haendi mbele."

Ujumbe huu nimetumiwa na mtoto wa dada yangu aliyeko Issuna, wilayani Ikungi, kando ya barabara ya kutoka Manyoni kwenda Singida. Nyumbani wana kompyuta ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini, na gemu analolipenda ni Grand Theft Auto: San Andreas, lililotoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2004 na kwenye kompyuta mwaka 2005. Rafiki yake alimshauri azime kitu kinachoitwa `Frame Limiter` ili picha ziwe laini. Akazima, na picha zikawa laini kweli. Siku ya kwanza alizunguka barabarani akifurahi. Aliposhuka ufukweni na kuingia baharini, ndipo akaona mambo yamegeuka.

Nimemjibu kwamba gemu lake ni zima na faili hazijaguswa na virusi. Maelezo yenyewe nayaandika hapa kwa urefu, kwa sababu wengi wetu tulio nje hutuma kompyuta nyumbani, na gemu zinazochezwa humo mara nyingi ni za zamani.

Fremu na saa

Picha ya gemu ni mfululizo wa picha zilizosimama, na kila moja huitwa fremu. Kompyuta ikichora fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 40. Ikichora 100, kila moja ina milisekunde 10. Kabla ya kuchora kila fremu, gemu huuliza maswali yaleyale: gari limefika wapi, risasi imegonga nini, mchezaji amebonyeza nini? Hesabu ya mwendo na kazi ya kuchora hufanyika katika mzunguko mmoja.

Waliotengeneza gemu kwa ajili ya mashine kama PlayStation 2 walijua kila mteja ana mashine ileile yenye nguvu ileile. Televisheni nayo ilikuwa na mapigo yake yasiyobadilika: 60 kwa sekunde Marekani na Japani, 50 katika nchi zilizotumia mfumo wa PAL, Tanzania ikiwemo. Mashine ikiwa haibadiliki, ni rahisi kuifanya fremu yenyewe kuwa saa. Ni sawa na mtu aliyeambiwa apige hatua moja kila ngoma inapolia. Hatua zake hazibadiliki, lakini mpiga ngoma akiongeza kasi, naye atafika mapema.

Athari yake ilionekana zamani sana. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, iliyoandikwa kwa mapigo 60, ilipochezwa kwenye Mega Drive ya PAL ilienda polepole kwa takriban asilimia 17, pamoja na muziki wake, kwa sababu 50 ni pungufu ya 60 kwa kiasi hicho. Leo tunakutana na kinyume chake. Mapigo yameongezeka, na gemu linakimbia kupita lilivyokusudiwa.

Kosa la kwanza: kila kitu kinakimbia

Kosa lililo wazi zaidi ni gemu kudhani kwamba kila fremu ina muda uleule, wakati wote. Need for Speed Rivals ya mwaka 2013 ilifungwa kwenye fremu 30. Waliolazimisha 60 waliona mbio nzima ikienda kwa kasi maradufu, kwa sababu kila fremu bado ilisogeza dunia kwa moja ya 30 ya sekunde, na sasa fremu zenyewe zilikuwa mara mbili. Kosa la namna hii hujitangaza lenyewe. Hata asiyejua gemu hilo ataona kuna tatizo.

Kosa la pili: sehemu moja tu inaharibika

San Andreas ina kosa lililojificha zaidi. Watengenezaji wake hawakusahau saa. Gemu hupima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia na kuutumia katika hesabu nyingi. Ndiyo maana hata ukizima kikomo cha fremu, saa ya ndani ya gemu huendelea vilevile: dakika moja ya gemu ni sekunde moja ya kweli. Mtu hutembea kawaida na mawingu hupita kawaida. Ila kuna sehemu ambazo muda uliingizwa upande mmoja wa hesabu na kuachwa upande wa pili, na kuogelea ni mojawapo.

Tuone kosa hilo kwa mfano mdogo. Mstari huu si msimbo wa San Andreas wenyewe. Nimeuandika ili uonyeshe aina ya kosa, na matokeo yake yanafanana na anayoyaona mpwa wangu:

```
kasi = kasi * 0.9 + nguvu * muda
```

Maana yake ni kwamba kila fremu maji humpunguzia mwogeleaji asilimia 10 ya kasi yake, kisha mikono humwongezea kasi kulingana na muda wa fremu hiyo. Tuseme nguvu ni 10.

Kwenye fremu 25, muda ni sekunde 0.04, kwa hiyo mikono huongeza 0.4 kila fremu. Kasi hutulia pale maji yanapochukua sawasawa na kinachoongezwa. Asilimia 10 ya 4 ni 0.4, hivyo mwogeleaji hutulia kwenye mita 4 kwa sekunde. Bwawa la mita 20 atalivuka kwa sekunde 5.

Kwenye fremu 100, muda ni sekunde 0.01, na mikono huongeza 0.1 tu kila fremu. Hapo hesabu ni sahihi, kwa sababu fremu ni fupi. Lakini maji bado yanachukua asilimia 10 ileile, na sasa yanachukua mara 100 kwa sekunde badala ya mara 25. Kasi hutulia kwenye mita 1 kwa sekunde. Bwawa lilelile sasa litamchukua sekunde 20, na kwenye fremu 400 angekuwa kama amefungwa jiwe.

Ndivyo kompyuta yenye nguvu zaidi inavyompa mwogeleaji mwendo mdogo zaidi. Kosa la jamaa hiyohiyo linaweza kujificha mahali popote ambapo gemu linahesabu kwa fremu: mshiko wa matairi, upepo unaolikabili gari, au ugumu wa silaha. Katika Dark Souls II, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2014, silaha zilichakaa haraka maradufu kwa waliocheza kwenye fremu 60. Upanga ukigusa mwili au ukuta, uchakavu ulihesabiwa kwa kila fremu ya mguso huo, na fremu zilikuwa mara mbili ya zile za mashine za sebuleni. Watengenezaji walirekebisha hilo mwaka 2015. Mwendo wa gemu ulikuwa sahihi kabisa muda wote huo, na ndiyo sababu wengi walidhani ni ugumu wa kawaida wa gemu.

Dawa ya waandishi wa gemu

Njia iliyozoeleka ni kutenganisha hesabu na kuchora. Mwendo huhesabiwa kwa hatua zisizobadilika, tuseme 50 kwa sekunde, na skrini huchora kadiri inavyoweza:

```
akiba = akiba + muda
while akiba >= 0.02:
    sogeza(0.02)
    akiba = akiba - 0.02
chora()
```

Fremu zikiwa nyingi, baadhi ya mizunguko huchora tu bila kusogeza kitu. Zikiwa chache, mzunguko mmoja husogeza dunia hatua mbili au tatu. Kwa vyovyote vile, sekunde moja ina hatua 50, na maji hayamkabi mwogeleaji kupita kiasi. Gemu ambalo halikuandikwa hivyo haliwezi kuponywa kwa kubadili kadi ya picha. Linahitaji ama kikomo, ama kiraka cha mtu aliyeingia kwenye msimbo na kurekebisha hesabu moja baada ya nyingine.

Vikomo salama

Kwa San Andreas ya mwaka 2005, acha `Frame Limiter` ikiwa imewashwa ndani ya `Display Setup`. Gemu litaenda kwenye kiasi cha fremu 25. Ukitaka kikomo cha nje chenye picha laini kidogo, tumia RivaTuner Statistics Server, programu ya bure: ifungue, bonyeza `Add`, chagua `gta_sa.exe`, kisha andika `30` kwenye `Framerate limit`. Kikomo hicho kitaligusa gemu hilo peke yake. Ukifanya hivyo, zima kile cha ndani, visije vikashindana.

Need for Speed Rivals ibaki kwenye 30. Dark Souls ya kwanza, ya mwaka 2012 kwenye kompyuta, nayo ni ya 30. Kiraka cha DSfix kinaifikisha 60, lakini umbali wa kuruka hupungua, na kuna ngazi ambapo mchezaji akiteleza kushuka hupenya sakafu na kufa. Skyrim ya mwaka 2011 ni 60. Ukipita hapo, vyombo vilivyo mezani huanza kurukaruka vyenyewe unapoingia chumbani.

Usitegemee V-Sync kama kikomo. Kazi yake ni kufuata skrini: ikiwa skrini ni ya 60, utapata hadi 60, na skrini ya 144 itakupa hadi 144. Ndiyo maana gemu linaweza kuwa zima kwa miaka mingi, kisha likaharibika siku unaponunua skrini mpya, bila wewe kugusa faili hata moja.

Anayetaka fremu nyingi kwenye San Andreas anaweza kuweka kiraka cha Framerate Vigilante, kinachorekebisha mengi ya makosa haya, kuogelea kukiwemo. Hata hivyo kinarekebisha yale tu yaliyogunduliwa, kwa hiyo hifadhi mchezo wako kabla ya kujaribu, na ubaki na nakala ya hifadhi ya zamani.

Kujua kama umevuka kikomo

Chukua saa ya simu. Kwanza pima saa ya gemu: katika San Andreas, sekunde 60 za kweli zinapaswa kupitisha saa moja ya gemu. Zikipitisha mbili, una kosa la kwanza, na gemu zima linakimbia.

Saa ikiwa sahihi, usitulie bado. Chagua alama mbili majini, ogelea kati yake kikomo kikiwa kimewashwa, na uandike sekunde. Kisha kizime na urudie palepale. Fanya hivyohivyo kwa gari kwenye barabara iliyonyooka, kuanzia limesimama hadi alama ya mbali. Sekunde zikilingana kwa kila kitu ulichopima, kiwango hicho cha fremu kinafaa kwa hayo uliyopima. Zikitofautiana hata kwa kitu kimoja, rudisha kikomo. Sehemu iliyokosewa inaweza kuwa ndiyo misheni inayokungoja mbele, na utaipiga tena na tena ukidhani hujui kucheza.