Mimba na Moyo Mzito

Mimba changa hubadili moyo upesi: asubuhi mama anacheka, mchana analia kwa sababu ya harufu ya vitunguu. Homoni, kichefuchefu na uchovu vinachangia, na kuogopa uchungu wa kuzaa ni jambo la kawaida. Hali hiyo huja na kupita.

Sasa chukua mama wa miezi sita anayeshtuka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri, ingawa mtoto tumboni ametulia. Chakula hakimpiti, mashoga akiwakwepa, na anajiona hafai kuwa mama. Hali ikidumu wiki mbili, siku nyingi kutwa nzima, huenda ni sonona, na inatibika. Mashemeji watasema anadeka, wasisikilizwe.

Kliniki amwambie mkunga waziwazi, maana kipimo cha presha hakionyeshi huzuni. Atapimwa damu pia, kwani upungufu wake huleta uchovu unaofanana na huo. Kama anatumia dawa za sonona, asiziache ghafla bila daktari. Akiwaza kujidhuru au kufa, aende hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.