Pesa ya miwa imeingia Oktoba, karo ni Januari: uiweke wapi?

Tuseme umeuza miwa hapa Kakamega, umelipwa KSh 60,000 mwezi wa Oktoba, na karo inatakiwa Januari. Ikikaa tu kwa simu haizai, na bei za vitu zinapanda. Tuangalie njia mbili.

Hati fungani inayofuata mfumuko wa bei huongeza mtaji wako kadiri bei zinavyopanda. Lakini huo ni mkopo wa miaka mingi kwa serikali. Ukiiuza mapema wakati riba sokoni zimepanda, utalipwa bei ya chini. Tena hati fungani nyingi za Kenya hulipa riba isiyobadilika. Kwa pesa ya miezi mitatu, hiyo tuiache.

Mfuko wa soko la fedha hukusanya pesa za wengi na kuzikopesha serikali na benki kwa muda mfupi. Ukilipa asilimia 10 kwa mwaka baada ya ada, siku 90 zitakupa kama KSh 1,479. Toa kodi ya asilimia 15, unabaki na KSh 1,257. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, karibu KSh 740 ya hiyo inafidia bei tu. Faida halisi ni kama KSh 517.

Riba hubadilika na haina dhamana, kwa hivyo hakikisha kwanza mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kutoa pesa kunaweza kuchukua siku mbili tatu za kazi. Usiombe Ijumaa jioni na shule inafunguliwa Jumatatu.